Maumivu ya chembe ya moyo yanayopenya hadi mgongoni pamoja na kutapika: kongosho la kaka yangu limeumizwa na pombe au na mawe ya nyongo?

Dada wa Chamwino (mtoa mada)

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada wenu wa mawazo kuhusu kaka yangu mwenye umri wa miaka 44, fundi umeme, ambaye hadi Jumamosi iliyopita hakuwahi kulazwa hospitalini. Usiku ule alitoka harusini, alikuwa amekula pilau na nyama ya kukaanga na kunywa bia tatu, akalala salama. Ilipofika saa nane usiku aliamka na maumivu ya chembe ya moyo ambayo ndani ya nusu saa yalizidi kiasi cha kumtoa jasho, yakapenya moja kwa moja hadi mgongoni, usawa wa mahali mbavu zinapoishia. Alitapika chakula, kisha maji ya kijani machungu, na kutapika huko hakukumpa nafuu yoyote. Kulala chali kulimshinda. Alikaa kitandani ameinama mbele, amekumbatia mto.

Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo, lakini hazikusaidia. Saa sita mchana Jumapili tulimfikisha hospitali, wakachukua damu. Karatasi ya majibu inasema lipesi 1,860 wakati kikomo cha kawaida ni 60, ALT 284 wakati kikomo ni 40, na bilirubini imepanda kidogo. Altrasaundi iliandikwa kwamba kongosho limevimba, na kwamba mfuko wa nyongo haukuonekana vizuri kwa sababu ya gesi tumboni. Kwenye faili wameandika kuwa ni kuvimba kwa kongosho kutokana na pombe.

Leo ni Jumatano, maumivu yamekwisha, anakunywa uji, na kesho anaruhusiwa kurudi nyumbani. Agizo alilopewa ni moja tu: aache pombe. Mimi nilimsikia akieleza kwamba hunywa Jumamosi peke yake, lakini nadhani harufu aliyoingia nayo ilitosha kuwapa jibu. Swali langu ni hili: je, agizo hilo linatosha, au kuna jambo la kuuliza kabla hatujatoka?

Kijana wa Mabibo

Pole sana dada. Hata mimi mgongo unanisumbua, hasa nikinyanyua mifuko ya saruji, na maumivu hushuka hadi mguu wa kushoto. Je, na mimi nipime hiyo lipesi?

Daktari wa Zamu

Dada, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji kwa muda mrefu, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu kuvimba kwa kongosho kwa ghafla kuna wasababishaji wawili wakubwa, mawe ya nyongo na pombe, na mgonjwa anayetibiwa kwa kumdhania huyu wakati mwenye kosa ni yule anarudi wodini.

Ugonjwa wenyewe sina shaka nao. Tunahitaji mambo mawili kati ya matatu, yaani maumivu ya namna hii, lipesi au amilesi, vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu, iliyopanda angalau mara tatu ya kikomo, au picha inayoonyesha uvimbe, na kaka yako anayo yote matatu. Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo, ndiyo maana likiwaka maumivu hupenya kwenda nyuma na kuinama mbele kunaleta nafuu kidogo.

Naomba unijibu mambo matatu. Kwanza, kwa wiki nzima anakunywa kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Pili, damu ile ilichukuliwa saa ngapi baada ya maumivu kuanza? Tatu, je, altrasaundi imerudiwa?

Kijana wa Mabibo, maumivu yako yanayoletwa na kunyanyua mizigo na kushuka mguuni ni ya aina nyingine kabisa, yanatoka kwenye mgongo wenyewe. Lipesi haitakusaidia, mwone daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo.

Tabibu Mstaafu wa Njombe

Nimesoma kwa makini. Mimi nilihudumu kama tabibu kwa miaka mingi na ninashangaa kwamba mgonjwa huyu siku ya nne tayari anakunywa uji. Sisi tulifundishwa kwamba kongosho lililovimba lazima lipumzishwe: mgonjwa asile kitu chochote kwa mdomo, awekewe mpira wa puani kunyonya tumbo, apewe maji mengi ya dripu na viuavijasumu hadi lipesi irudi kawaida. Dada, hakikisha wanapima tena lipesi kabla hawajamruhusu. Kuhusu pombe, nakubaliana na waliomtibu. Mwanaume wa miaka 44 aliyetoka kunywa, sababu ni pombe. Mawe ya nyongo ni ugonjwa wa akina mama walionenepa na waliozaa.

Dada wa Chamwino

Ahsanteni. Daktari, nimekaa na kaka leo jioni tukiwa wawili, nikamwuliza kwa upole. Anasema bia tatu kila Jumamosi, za chupa ya nusu lita, na siku nyingine hanywi. Shemeji yangu, ambaye hana sababu ya kumfichia, anasema vilevile. Pombe kali hatumii, na sigara hajawahi kuvuta. Damu ilichukuliwa saa kumi baada ya maumivu kuanza. ALT waliipima tena leo asubuhi, imeshuka hadi 61. Altrasaundi haijarudiwa.

Mzee wa Kihesa

Dada, nisamehe kwa kusema wazi, kwa sababu mimi ni mgonjwa wa kongosho na najua tunavyosema uongo. Nililazwa mara tatu. Kila mara niliwaambia madaktari kuwa nakunywa kidogo mwisho wa juma, na mke wangu akaitikia kwa aibu, wakati ukweli ni kwamba kila siku nilikuwa namaliza chupa ya pombe kali na siku nyingine naongezea gongo. Maumivu yangu hayakuja nikiwa nakunywa. Yalikuja siku moja au mbili baada ya kunywa sana, nikiwa hata nimeshasahau. Mara ya pili nilipolazwa, usiku wa pili mikono ilianza kutetemeka, nikawa naona wadudu ukutani, nikamng'oa muuguzi dripu mkononi nikidhani ananifunga kamba. Ndipo wakajua.

Leo siwezi kula chakula chenye mafuta bila choo kuelea na kunuka, na nimepata kisukari kwa sababu kongosho limechoka kutengeneza insulini. Kaka yako anakunywa kwa siri. Mwangalie mikono.

Daktari wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru kwa kusema kwa uwazi. Uliyoyaeleza ni ya kweli na kila anayeuguza mgonjwa wa pombe anapaswa kuyasoma: mikono kutetemeka tangu siku ya kwanza, kuona visivyokuwepo kuanzia siku ya pili au ya tatu. Mgonjwa kama huyo anahitaji dawa ya kutuliza na vitamini B1, na hiyo vitamini itangulie kabla ya dripu ya sukari. Lakini ni kwa sababu hiyohiyo ninaona ushahidi wa kaka wa dada unaelekea upande mwingine. Leo ni siku ya nne bila tone la pombe. Dada, je, ametetemeka, ametoka jasho, amekosa usingizi?

Tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ya kilevi ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Bia tatu ni gramu 60, na hizo ni za wiki nzima. Sisi huanza kuishuku pombe kama sababu kwa mtu anayekunywa zaidi ya gramu 50 kwa siku, yaani bia mbili na nusu kila siku, kwa miaka isiyopungua mitano hivi. Kongosho haliharibiwi na bia tatu za harusi kwa mtu ambaye hakuwa mnywaji. Kinachowezekana zaidi ni kwamba mlo wenye mafuta uliubana mfuko wa nyongo, ukajikamua, jiwe dogo likatoka na kushuka hadi kwenye tundu ambalo mrija wa nyongo na mrija wa kongosho humwaga pamoja ndani ya utumbo. Likikwama hapo hata kwa saa chache, maji ya kongosho yenye vimeng'enya vya kusaga chakula hukosa njia, na kongosho huanza kujisaga lenyewe.

Sasa angalia ALT. Hiki ni kimeng'enya cha ini. Jiwe likiziba mrija wa nyongo hata kwa muda mfupi, hupanda ghafla, na jiwe likipita hushuka ndani ya siku chache. Ikivuka 150 katika saa 48 za mwanzo za maumivu ya kongosho, mawe ya nyongo ndiyo yanayoelekea kuwa sababu kuliko kitu kingine chochote. Kaka yako alikuwa na 284 saa ya kumi na 61 siku ya nne. Kushuka kwa namna hiyo kunaniambia mengi kuliko ile lipesi ya 1,860, ambayo inathibitisha ugonjwa tu lakini haisemi umeletwa na nini wala ni mkali kiasi gani.

Tahadhari moja: homa ya ini aina ya B ni nyingi kwetu, na inaweza kuinua ALT yenyewe. Ulizeni kama amepimwa. Lakini ALT ya homa ya ini haina kawaida ya kupanda na kushuka ndani ya siku nne sambamba na maumivu. Vilevile ALT iliyo chini haimwondolei mtu mawe; wengi wenye mawe huwa nayo ya kawaida.

Dada wa Chamwino

Hajatetemeka hata kidogo, daktari, na analala vizuri hata kuwazidi wagonjwa wenzake. Kipimo cha homa ya ini B kimefanyika, hana.

Tabibu Mstaafu wa Njombe

Daktari, naheshimu hoja ya ALT. Lakini altrasaundi imefanyika na haikuona mawe. Kwa nini tusiamini picha?

Daktari wa Zamu

Mzee, picha haikusema kwamba hakuna mawe. Ilisema kwamba mfuko wa nyongo haukuonekana vizuri. Kongosho likivimba, utumbo ulio jirani yake husimama na kujaa gesi, na mawimbi ya altrasaundi hayapenyi gesi. Isitoshe, mgonjwa alikuwa anatapika, ana maumivu, hawezi kulala chali, na mpimaji alikuwa na haraka ya kuthibitisha kongosho. Mawe yanayosababisha ugonjwa huu mara nyingi ni yale madogo, ya milimita 5 kushuka chini, kwa kuwa makubwa hayapiti kwenye mrija. Ni rahisi kuyakosa siku kama ile.

Kuhusu jinsia, ni kweli wanawake hupata mawe zaidi, hasa waliozaa na wanaotumia homoni, lakini wodini kwangu wanaume wapo tena si wachache. Hata waliopungua uzito kwa kasi huyapata.

Dada, nenda kwa daktari wa wodi kesho mapema, kabla ya karatasi ya kuruhusiwa, umwombe kwa adabu altrasaundi irudiwe. Kaka asile wala kunywa maziwa kwa saa sita hadi nane kabla ya kipimo, maana mtu akila, mfuko wa nyongo hujikamua, na mfuko mtupu haukaguliki. Mwombe mpimaji atazame mfuko mgonjwa akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto pia, ili mawe yaviringike yaonekane, na aandike upana wa mrija mkuu wa nyongo. Kama triglaseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, hazijapimwa, zipimwe, kwa sababu zikizidi miligramu 1,000 kwa desilita nazo zinaweza kuleta ugonjwa huu peke yake.

Kuhusu chakula na dripu, mzee wangu, mlichofundishwa ndicho hata mimi nilichofundishwa mwanzoni, lakini kimebadilika. Mgonjwa ambaye hatapiki na ana hamu ya kula huanzishiwa chakula chepesi ndani ya siku moja au mbili, na hali yake huwa nzuri zaidi, kwa sababu utumbo usiopitisha chakula hudhoofika na kuruhusu vijidudu kupenya. Viuavijasumu hatutoi kama kinga. Tunangoja dalili za maambukizi. Kusubiri lipesi ishuke hakuna faida, tunamwangalia mgonjwa. Hata maji mengi yamekuwa na mipaka: mwaka 2022 ulitoka utafiti uliolinganisha dripu ya kasi na ya wastani, ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa kwa kasi walijaa maji mwilini, takribani 20 katika kila 100, wakati wa dripu ya wastani walikuwa 6. Kwa mtu wa kilo 80 kiwango cha wastani ni kama mililita 120 kwa saa, yaani chupa sita hivi za nusu lita kwa siku, na hukaguliwa mara kwa mara kwa kuangalia mkojo, mapigo na pumzi. Mwenye upungufu mkubwa wa maji huongezewa mwanzoni.

Tabibu Mstaafu wa Njombe

Nimekuelewa kuhusu chakula. Kuhusu maji bado nina wasiwasi, kwa sababu wagonjwa wetu hufika wakiwa wamekauka kabisa baada ya siku mbili za kutapika, na nimewaona wakifa figo zikiwa zimesimama. Kiwango cha wastani kwa aliyefika mapema si lazima kiwe kiwango cha aliyechelewa.

Daktari wa Zamu

Hapo sibishani nawe, mzee. Aliyefika amekauka hurudishiwa alichopoteza kwanza, ndipo kiwango kishuke. Kinachokatazwa ni kuacha dripu ya kasi iendelee usiku kucha bila mtu kurudi kumwangalia.

Tiba ya Nyumbani Tanga

Ndugu zangu, kwa nini mnakimbilia visu? Kama ni mawe, kuna njia iliyothibitika mtaani. Siku nzima mgonjwa anywe maji ya tufaha, usiku anywe nusu kikombe cha mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, alale kwa ubavu wa kulia. Asubuhi anatoa choo chenye mawe ya kijani laini, mengi, unayahesabu kwa macho yako. Jirani yangu alitoa zaidi ya 40.

Daktari wa Zamu

Ndugu yangu wa Tanga, ninajua unasema kwa nia njema na kwamba jirani yako aliviona vitu hivyo. Lakini vile vidonge laini vya kijani si mawe. Mafuta ya zeituni yakikutana na vimeng'enya vya tumboni na maji ya ndimu hugandamana kuwa kitu cha jamii ya sabuni, na hupakwa rangi na nyongo. Vilichunguzwa maabara vikakutwa havina kolesteroli wala bilirubini wala kalisi, na ukivipasha joto vinayeyuka kuwa mafuta. Altrasaundi ya baadaye huyakuta mawe palepale yalipokuwa.

Kwa mgonjwa huyu njia hiyo ina hatari ya kweli. Mafuta mengi kwa mara moja huukamua mfuko wa nyongo kwa nguvu, na ndicho tunachoamini kilitokea usiku wa harusi. Tafadhali asijaribu.

Mama wa Watoto Wawili

Naomba kuuliza kitu kinachofanana. Binti yangu ana miaka 14 na ana selimundu. Mwezi uliopita alipata maumivu ya chembe ya moyo na kutapika, tukadhani ni yale maumivu yake ya kawaida, tukampa maji na dawa za maumivu nyumbani kwa siku mbili. Baadaye hospitali wakasema ni kongosho na ana mawe ya nyongo. Nilishtuka, kwa sababu hanywi pombe, si mnene, na ni mtoto. Inawezekanaje?

Daktari wa Zamu

Mama, pole sana. Kwa mwenye selimundu chembe nyekundu za damu huvunjika mapema, na mabaki yake hutoka kwa njia ya nyongo. Mabaki yakizidi hugandamana kuwa mawe madogo meusi. Ndiyo maana tunayaona hata kwa watoto, na kwa kuwa Tanzania ina watoto wengi wenye selimundu, ni jambo ambalo kila mzazi wao anapaswa kulijua. Maumivu ya kawaida ya selimundu hukaa zaidi mifupani, kifuani na mgongoni. Yakitua chembe ya moyo na kuambatana na kutapika, au macho yake yakawa ya manjano kuliko alivyozoea, apimwe lipesi na altrasaundi siku hiyohiyo. Waambieni pia madaktari kama ametumia sindano za seftriaksoni kwa wingi, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuacha matope kwenye mfuko wa nyongo, ambayo mara nyingi huisha yenyewe ikisimamishwa. Upasuaji wake unahitaji maandalizi ya damu na oksijeni, kwa hiyo ufanyike mahali wanapowazoea wagonjwa wa selimundu.

Dada wa Chamwino

Wapendwa, narudi na majibu. Daktari wa wodi alitupokea vizuri na akakubali altrasaundi irudiwe leo Alhamisi, kaka akiwa hajala tangu jana usiku. Nilikuwepo chumbani. Mpimaji alimgeuza ubavu wa kushoto, na kwenye kioo nikaona chembe nyeupe ndogondogo zikiteremka polepole ndani ya mfuko mweusi, kila moja ikiwa na kivuli chake nyuma. Ameandika mawe mengi ya milimita 3 hadi 4, ukuta wa mfuko ni wa kawaida, mrija mkuu wa nyongo milimita 5. Bilirubini imerudi kawaida. Triglaseridi ni za kawaida.

Sasa wanasema mfuko wa nyongo utolewe, lakini orodha ya upasuaji imejaa, hivyo aende nyumbani arudi baada ya wiki sita. Je, tusubiri? Na je, hatahitaji kwanza ile kamera ya kupita mdomoni ili kusafisha mrija? Jirani yetu wa wodini anapelekwa kwenye hiyo.

Daktari wa Zamu

Nimefurahi sana kwamba yameonekana. Kamera ya kwenye mrija hahitaji kwa picha hii: mrija haujapanuka, bilirubini imeshuka, hana homa. Inaelekea jiwe lilishapita. Kamera hiyo ni ya yule ambaye jiwe bado limeziba, na ni ya haraka, ndani ya saa 24, kwa yule mwenye homa ya kutetemeka na macho ya manjano, kwa kuwa usaha kwenye mrija wa nyongo unaua upesi. Kumfanyia asiyeihitaji ni kumtafutia madhara, maana yenyewe inaweza kuliamsha kongosho upya.

Kuhusu wiki sita, msimamo wangu ni kwamba kwa ugonjwa uliokuwa mwepesi kama wake, mfuko utolewe kabla hajatoka hospitali. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa wagonjwa wa namna hii katika makundi mawili. Waliopasuliwa wakiwa bado wamelazwa, 5 katika kila 100 ndio waliorudi kwa matatizo ya mawe au kufariki ndani ya miezi sita. Waliosubiri takribani mwezi mmoja, walikuwa 17 katika kila 100. Kusubiri kuna maana kwa aliyeugua vibaya, mwenye maji yaliyojikusanya kuzunguka kongosho au sehemu iliyokufa, kwa sababu kumpasua mapema ni hatari zaidi. Kaka yako hayupo kundi hilo. Ombeni rufaa kwenda hospitali yenye nafasi, au ombeni awekwe kwenye orodha ya kusubiria ili akipatikana aliyeahirisha, yeye aingie.

Muuguzi wa Wodi Namba Mbili

Naunga mkono, ila niseme kitu kutoka upande wetu. Si kila hospitali inaweza kufanya hivyo. Daktari wa usingizi anaweza kuwa mmoja, na kesi za akina mama wanaojifungua zinatangulia. Ninyi ndugu mkiambiwa wiki sita, msidhani mmepuuzwa. Ombeni tarehe iliyoandikwa, na andikieni namba ya simu kwenye kitabu cha chumba cha upasuaji. Nimeona wagonjwa wakisogezwa mbele kwa sababu tu simu yao ilipatikana.

Mzee wa Kihesa

Basi nimeelewa kuwa si pombe. Lakini bado nasema aache. Kongosho lililokwisha kuungua halina haja ya kuchomwa tena, na mimi nilianza hivyohivyo, kwa bia za Jumamosi.

Dada wa Chamwino

Mzee, nimemsomea maneno yako na ameyachukua kwa uzito. Daktari, unasemaje? Baada ya upasuaji anaweza kurudi kwenye bia zake tatu?

Daktari wa Zamu

Hapa mzee na mimi hatupishani sana. Bia hazikumletea ugonjwa huu, na sipendi aandikwe milele kama mgonjwa wa pombe, kwa sababu siku akirudi na maumivu hawatamtafuta jiwe lililobaki. Kwa hiyo ombeni faili lisahihishwe kabla ya kuondoka, na nakala ya altrasaundi ya pili mbaki nayo. Lakini hadi mfuko utolewe na apone, mimi humkataza mgonjwa pombe kabisa, na baada ya hapo humshauri aiache kama anaweza. Wenzangu wengine huwaruhusu kiasi kidogo wagonjwa ambao sababu yao ilikuwa mawe peke yake, na siwezi kusema wamekosea.

Katika siku za kusubiri, ale milo midogo yenye mafuta kidogo: wali na maharage, samaki wa kuchemsha, ugali na mboga zisizoungwa kwa mafuta mengi. Hilo litapunguza kujikamua kwa mfuko ingawa halitaziba njia ya mawe. Maumivu yale yakirudi zaidi ya nusu saa, akitapika bila kukoma, mkojo ukiwa mweusi au macho yakawa ya manjano, akipata homa ya kutetemeka, au pumzi zikiwa fupi, msipitie zahanati kuchukua dawa za vidonda. Nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, na mwambie daktari wa kwanza mtakayemkuta: ana mawe ya nyongo ya milimita 3 na alishalazwa kwa kongosho.

Dada wa Chamwino

Faili limesahihishwa mchana huu mbele yangu. Rufaa tumepewa kwa Jumatatu. Huko wamesema watamlaza, wampime tena bilirubini, na kama ipo sawa watamfanyia kwa matundu madogo Jumatano.